Stetimenti ya Simu Si Hesabu: Mfanyabiashara wa Ndengu Kyuso na Asilimia 3 ya KRA

Kuna sentensi moja tunayoisikia sana kutoka kwa wateja wetu waliojiajiri: "Mimi siandiki kitu, kila kitu kiko kwa simu." Wakimaanisha kwamba stetimenti ya pesa za simu tayari ni rekodi ya biashara, na siku KRA wakiuliza, watafungua simu na kuonyesha.

Sisi tunaoshughulika na malipo ya simu kila siku tungependa iwe hivyo, lakini sivyo. Stetimenti inaonyesha pesa zilizopita. Haijui ni zipi zilikuwa mauzo, ni zipi zilikuwa mkopo, na ni zipi mtoto alituma kutoka Nairobi. Haijui kabisa pesa taslimu ulizopokea mkononi. Na jambo la maana zaidi kwa mfuko wako ni kwamba haijui faida yako.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu aliyejiajiri Kenya anaweza kutozwa kodi kwa njia mbili tofauti: moja inahesabu mauzo, nyingine inahesabu faida. Tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuwa makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Asiye na rekodi hawezi kujua ni ipi inayomfaa, kwa hivyo hulipa ile aliyowekewa. Maoni yetu ni haya: kwa wafanyabiashara wengi wa faida ndogo, akiba yao inaishia hapo, na wala hawaoni ikiondoka.

Tuchukue mfano wa Kyuso, kaskazini mwa Mwingi, ambako ndengu ndiyo pesa ya wengi.

Njia mbili za kodi, kwa lugha rahisi

Njia ya kwanza ni kodi ya mauzo, ile ambayo kwenye iTax imeandikwa Turnover Tax, au TOT kwa kifupi. Usiichanganye na VAT. Hii inamhusu mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi 1,000,000 lakini hayapiti 25,000,000. Hadi katikati ya 2023 ilikuwa asilimia 1 ya mauzo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha hadi asilimia 3, kuanzia Julai mwaka huo. Inahesabiwa kwa mauzo yote. Haiulizi ulinunua mzigo kwa bei gani, ulilipa gari ngapi, au ulipata hasara. Inawasilishwa na kulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Njia ya pili ni kodi ya mapato ya kawaida. Hii inatozwa kwa faida, yaani mauzo ukitoa gharama za biashara. Kwa mtu binafsi, faida ya shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka inatozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30 hadi ufike milioni 6. Kisha unapunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka, punguzo ambalo kila mkazi anapata. Ukipiga hesabu utaona kwamba mtu ambaye faida yake haizidi 288,000 kwa mwaka hana kodi ya kulipa, kwa sababu asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800 hiyo hiyo.

Mtu wa mauzo ya chini ya milioni moja yuko moja kwa moja kwenye njia ya pili. Aliye kati ya milioni 1 na 25 anawekwa kwenye njia ya kwanza, lakini sheria inamruhusu kuchagua ya pili kwa kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki kodi ya mauzo. Hili la kuchagua ndilo watu wengi hawajaambiwa.

Mnunuzi wa ndengu na shilingi zake 9

Sasa tuingie Kyuso. Chukua mama ambaye kazi yake ni kununua ndengu kwa wakulima na kuuzia wafanyabiashara wakubwa wanaokuja na lori. Bei hupanda na kushuka kila msimu, kwa hivyo hizi zetu ni za mfano tu ili hesabu ieleweke.

Kwa mwaka ananunua kilo 30,000 kwa shilingi 80 na kuziuza kwa 95. Mauzo yake ni 2,850,000. Ununuzi umemgharimu 2,400,000. Kuna magunia, wabebaji, usafiri, kodi ya stoo, kibali cha kaunti na ada za kutuma pesa, vyote pamoja 180,000. Kinachobaki ni faida ya 270,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 9 kwa kila kilo.

Akiwa kwenye kodi ya mauzo, analipa asilimia 3 ya 2,850,000, ambayo ni 85,500. Tazama hilo kwa kilo moja: anauza kwa 95, KRA inachukua shilingi 2.85, na yeye faida yake ni 9. Kwa hivyo ile asilimia 3, ambayo kwa maneno inasikika ndogo, inameza karibu theluthi moja ya faida yake.

Akiwa kwenye kodi ya mapato, faida yake ni 270,000. Asilimia 10 yake ni 27,000. Toa punguzo la 28,800. Kodi ni sifuri.

Mtu yule yule, ndengu zile zile, mwaka ule ule. Tofauti ni 85,500. Kwa bei yake ya kununua, hizo ni karibu magunia 12 ya kilo 90, yaani mtaji wa msimu mwingine bila kukopa.

Lakini usikimbie kusema kwamba kodi ya mauzo ni mbaya kwa kila mtu. Hapo hapo Kyuso, fikiria fundi cherehani anayeshona sare za shule na nguo za sherehe. Mauzo yake ni 1,200,000 kwa mwaka, na gharama za vitambaa, uzi, stima na kibanda ni 400,000. Faida yake ni 800,000. Kwenye kodi ya mapato, hesabu inaenda hivi: 28,800 kwa sehemu ya kwanza, 25,000 kwa ya pili, na asilimia 30 ya 412,000 zilizobaki, ambayo ni 123,600. Jumla 177,400, toa punguzo la 28,800, unabaki na 148,600. Kwenye kodi ya mauzo angelipa asilimia 3 ya 1,200,000, yaani 36,000 tu. Huyu akae kwenye kodi ya mauzo na atulie.

Kwa hivyo swali linalohitaji jibu si "kodi ni ngapi?" bali "katika kila shilingi 100 ninayouza, ngapi ni zangu?" Mama wa ndengu anabaki na kama 9 kwa kila 100. Fundi anabaki na karibu 67. Kwa mauzo kama ya mama wa ndengu, mpaka uko karibu na faida ya 590,000 kwa mwaka: chini ya hapo kodi ya mapato ni nafuu kwake, juu ya hapo kodi ya mauzo ndiyo nafuu. Na faida huwezi kuijua kwa kukisia. Tunakutana na watu wanaojua mauzo yao hadi senti, lakini ukiwauliza faida wanaangalia juu.

Stetimenti inadanganya pande zote mbili

Sasa rudi kwenye simu ya mama wa ndengu. Mwisho wa mwaka, stetimenti yake inaonyesha kwamba zimeingia 3,400,000. Mtu akikimbilia kusema hayo ndiyo mauzo, atakosea. Zilizotoka kwa wanunuzi wa ndengu ni 2,600,000. Zilizobaki ni hizi: mkopo wa kununulia mzigo 300,000, zamu yake ya chama 120,000, pesa za matumizi kutoka kwa watoto 96,000, na 284,000 ambazo ni zake mwenyewe. Hizi za mwisho alizitoa kwa wakala asubuhi ili kulipa wakulima, zikabaki, akazirudisha kwa simu jioni.

Mkopo si mauzo. Zamu ya chama si mauzo. Pesa ya mtoto kwa mama yake si mauzo. Pesa yako mwenyewe ukiirudisha kwa simu si mauzo. Asilimia 3 ya 3,400,000 ni 102,000, na ya mauzo halisi ni 85,500. Angelipa 16,500 za bure.

Upande wa pili, aliuza ndengu za 250,000 kwa pesa taslimu, na hizo hazimo kwenye stetimenti hata kidogo. Hizo ni mauzo na zinatakiwa kuhesabiwa. Kwa hivyo stetimenti peke yake imezidisha kwa upande mmoja na kupunguza kwa mwingine.

Mtu atasema, "KRA wakija nitawaeleza." Utawaeleza kwa nini? Kodi ikikadiriwa na wewe ukapinga, sheria ya utaratibu wa kodi ya 2015 inaweka mzigo wa kuthibitisha kwako wewe, si kwao. Na kujumlisha pesa zilizoingia kwenye akaunti ni njia moja ambayo wakadiriaji wa kodi hutumia mtu anapokosa hesabu. Miaka miwili baadaye, nani atakumbuka kwamba 40,000 za tarehe fulani zilikuwa za chama? Lakini kama siku ile ile uliandika "chama" kando yake, tayari una jibu.

Daftari la dakika tano

Hatukuuzii programu hapa. Daftari la shule linatosha, mradi lina mistari na unaliandika siku hiyo hiyo. Kila muamala unahitaji vitu vinne: tarehe, maelezo, kiasi kilichoingia au kutoka, na kama ni taslimu au simu. Halafu pembeni weka herufi moja. B ni biashara. N ni nyumbani, pamoja na zawadi na pesa za familia. K ni mkopo, chama au michango. Z ni zako mwenyewe zikihama kutoka simu kwenda taslimu au kurudi. Herufi hiyo moja ndiyo inayofanya kazi ambayo stetimenti haiwezi.

Tuone siku moja ya Februari, wakati mavuno ya mvua za vuli yanaingia sokoni. Mama wa ndengu anaanza asubuhi na taslimu 40,000 na simu ina 15,000. Jumla 55,000. Ananunua kilo 400 kwa taslimu 32,000, alama B. Analipa magunia na wabebaji 1,000 taslimu, B. Anauza kilo 500 kwa 47,500, zinaingia kwa simu, B. Binti yake anamtumia 3,000 kwa simu, N. Anachukua 1,500 taslimu za chakula cha nyumbani, N.

Jioni daftari linasema taslimu ziwe 5,500 na simu iwe na 65,500. Sasa anahesabu. Simu iko sawa. Taslimu anapata 5,300. Kuna 200 haijaandikwa, na kwa kuwa ni jioni ya siku hiyo hiyo, anakumbuka: alimwongezea mbebaji. Anaandika, anafunga. Hii hesabu ya jioni ndiyo kipimo cha daftari lako. Daftari ambalo halilingani na mkononi na simuni si rekodi, ni hadithi.

Angalia pia kwamba mauzo ya siku hiyo ni 47,500, si 50,500 zilizoingia. Na faida ya siku hiyo si 47,500 ukitoa 32,000. Ameuza kilo 500 lakini amenunua 400 tu. Kilo 100 zilitoka kwenye stoku ya jana, ambayo nayo alilipia shilingi 80 kwa kilo. Kilo 500 alizouza zilimgharimu 40,000. Toa na 1,200 za magunia na wabebaji: faida ni 6,300. Watu wengi hujidanganya hapa, hasa mwisho wa msimu wanapouza stoku bila kununua. Pesa zinaonekana nyingi, wanazitumia kama faida, na msimu ukifunguka hawana za kununulia mzigo. Kwa hivyo hesabu kilo zilizo stoo mwisho wa kila mwezi, na uandike.

Mambo mawili yatakurahisishia kazi hii sana. La kwanza, tenganisha: pesa za biashara ziingie kwa namba ya Till au laini ya biashara, na za nyumbani zibaki kwa laini yako ya kawaida. Ukifanya hivyo, B zitakaa zenyewe na nusu ya kazi ya herufi imekwisha. La pili, omba stetimenti yako ya mwezi mzima kila mwezi unapoisha na uihifadhi mahali, iwe kwa barua pepe au karatasi iliyochapishwa. Sheria inakutaka utunze rekodi za kodi kwa miaka 5. Meseji za simu hazikai miaka 5. Simu yenyewe huenda isikae.

Pale watu wanapoumia

Shida ya kwanza ni kudhani kwamba umelipa. Mtu anasema, "Kaunti wananikata kila siku ya soko, na kibali nimelipia, KRA wanataka nini tena?" Ushuru wa soko na kibali cha biashara ni za Serikali ya Kaunti ya Kitui. Kodi ya mauzo na kodi ya mapato ni za KRA. Risiti ya kaunti haifuti deni la KRA. Inachofanya ni kuingia kwenye gharama zako ukiwa kwenye kodi ya mapato, kwa hivyo usiitupe.

Ya pili ni miezi mikavu. Biashara ya ndengu hufuata mvua, na Kyuso kuna miezi ambayo hakuna kitu sokoni. Lakini aliyesajiliwa kwa kodi ya mauzo anatakiwa kuwasilisha kila mwezi, hata mwezi ambao hakuuza gunia moja. Kukosa kuwasilisha ni faini ya 1,000 kwa mwezi. Miezi minane ya kiangazi bila kuwasilisha ni 8,000, kwa kodi ya sifuri! Kuchelewa kulipa nako kunaongeza asilimia 5 ya kodi na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Ya tatu iko saiba. Wengi wetu tunafanyiwa iTax na kijana wa saiba, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale anapokuwekea "nil" kila mwaka kwa sababu ndiyo haraka. Nil ni ya mtu ambaye hakuwa na mapato kabisa. Mwenye bodaboda aliyepata faida ya 180,000 kwa mwaka hana kodi ya kulipa, lakini alikuwa na mapato. Anatakiwa kuyaandika, na mfumo wenyewe utampa sifuri. Siku atakapotaka mkopo wa benki au zabuni ndogo ya kaunti, fomu ya nil inasema hana biashara. Ripoti ya mwaka inatakiwa ifikapo Juni 30 na faini ya mtu binafsi kuchelewa ni 2,000, au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa.

Kujua umewekwa wapi ni rahisi. Mwombe wa saiba akuchapishie cheti chako cha PIN. Chini yake kuna orodha ya majukumu yako ya kodi. Ukiona Turnover Tax imeandikwa hapo na hukumbuki kuiomba, au mauzo yako hayafiki milioni moja, hilo ni jambo la kwenda kuuliza Huduma Centre mjini Kitui kabla faini hazijajipanga.

Kuchagua kodi ya mapato kuna bei yake

Tungekuwa tunakupoteza tukikwambia uandike barua kwa Kamishna kesho asubuhi kwa sababu tu ya ile sifuri ya mama wa ndengu. Sifuri hiyo inasimama juu ya gharama za 2,580,000, na kila gharama inatakiwa kuthibitishwa. Kuanzia Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi kupunguza kodi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Gharama zikikataliwa, unatozwa kana kwamba karibu mauzo yote ni faida, na hiyo ni mbaya kuliko asilimia 3.

Kwa mnunuzi wa ndengu ugumu uko hapa: mkulima wa ekari mbili hana eTIMS na hatakuandikia ankara. Mabadiliko ya sheria ya mwishoni mwa 2024 yamelegeza hilo. Muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka anaweza kuandikiwa ankara na mnunuzi. Kwa hivyo ni wewe mnunuzi unayeandika, kwa kila ununuzi, wakati ndengu zinapimwa. Huduma ya eTIMS inapatikana hata kwa simu ya kabambe kupitia *222#. Lakini ni kazi, na wakati wa msongamano wa mavuno hakuna atakayekukumbusha. Kama huwezi kuifanya msimu mzima, kodi ya mauzo yenye unyonge wake ni salama zaidi kwako.

Jua pia kwamba kwenye kodi ya mapato, kodi yako ikizidi 40,000 kwa mwaka inalipwa kwa awamu nne ndani ya mwaka, Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Haisubiri mwisho wa mwaka.

Ushauri wetu, basi, ni wa hatua. Msimu mmoja mzima andika daftari bila kubadilisha chochote. Ukiwa bado kwenye kodi ya mauzo, tenga kodi pale pale unapouza: gunia la kilo 90 kwa shilingi 95 ni 8,550, na asilimia 3 yake ni 256.50. Weka 260 pembeni kwa kila gunia, kwenye akaunti ya akiba ya simu ambayo huigusi, na tarehe 20 ikifika pesa ya KRA iko, mtaji haujaguswa. Msimu ukiisha, jumlisha B zote zilizoingia, toa B zote zilizotoka, rekebisha kwa stoku. Sasa unajua ngapi kwa kila 100 ni zako. Fanya hesabu zote mbili kama tulivyofanya hapa. Tofauti ikiwa ya maelfu machache, baki ulipo, usijiletee kazi ya ankara. Ikiwa ni 50,000 au 80,000 kwa mwaka, hapo barua kwa Kamishna na nidhamu ya eTIMS vinajilipa, na unaanza msimu unaofuata ukiwa umejipanga kabla mvua za Oktoba hazijanyesha.

Viwango hivi hubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kufanya kazi Julai. Kila Julai thibitisha kama ile asilimia 3, ile milioni 1 na ile 288,000 bado ziko pale pale kabla ya kupiga hesabu yako. Njia ya kuipiga haibadiliki: mauzo ni haya, gharama ni hizi, na zilizobaki ndizo za kugawa kati ya nyumba, akiba na mtaji wa ndengu zijazo.